Jina la Akonkwa

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Leo Mama Généreuse, direktrisi wa shule yetu, alituita walimu baada ya masomo. Hotuba fupi. Ametusimulia mukutano ya wazazi ya juzi Jumamosi. Sisi walimu hatukuwamo. Kwanza akaeleza: wazazi waliambiwa mapema kwamba wanarekodiwa, wakakubali. Sauti ni ya kuandikia ripoti ya mukutano tu — mutu asiitume WhatsApp. Na hatataja ni mzazi gani alisema nini.

Alianza na maji: bidon, madumu ya kunawia, kila siku yanakuwa tupu tangu saa nne. Papa Fortunat, mulinzi wa shule, atafuatilia. Halafu watoto wanaorudishwa nyumbani bila wazazi kujulishwa — atapiga simu yeye mwenyewe.

Kisha akashusha sauti. Wazazi kadhaa wanasema katika darasa la tatu mwalimu anaita kila asubuhi jina la mutoto ambaye hayuko. Anangoja aitike. Watoto wao wanaogopa, wengine hawalali.

Darasa la tatu ni langu. Hakuna aliyeniangalia. Hiyo ndiyo iliniumiza.

Akonkwa. Mwanafunzi wangu tangu darasa la pili, alipotelea njiani siku ya mabomu, Januari. Hakuna aliyemuona amekufa. Nitamufuta namna gani?

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeomba kusikiliza ile sehemu ya rekodi. Mama Généreuse akasita, akafunga mulango wa ofisi yake, akaweka telefone katikati yetu. Kelele ya viti. Baba mumoja analalamika, mwingine anamuunga mukono, Mama Samy anasema mutoto wake halali. Halafu sauti ya mama, ya chini sana. Nikaijua mara moja — Mama Akonkwa.

“Muache mwalimu amuite. Kule kwingine kote wameacha kumuita.”

Kisha kelele ya viti tena.

Nikamuuliza direktrisi kwa nini hakutuambia hili jana. Akasema: angelisema, wote wangelijua ni nani. Kweli. Lakini walimu wamesikia upande mumoja. Akakubali, akainama. Atatusimulia walimu wote maneno hayo, bila jina, na Ijumaa atamuita yule mama pamoja na wale wazazi. Mpaka siku hiyo nisiite jina la mutoto.

Nikasema ndiyo.

Usiku sauti ya yule mama haikunitoka masikioni.

Jumatano, 8 Oktoba

Asubuhi nimefanya appel, kuita majina. Nikaruka jina la Akonkwa, haraka, kama mutu anayeruka shimo. Nikataja lenye kufuata.

Dorine, aliyekaaga naye benchi moja, akasimama.

“Mwalimu, umemuruka.”

Nikamuambia akae. Hakukaa. Samy naye, ambaye mama yake alisema halali, akasimama. Nikamuuliza kama haogopi. Akasema anaogopa sasa — kama naweza kumutoa Akonkwa kwenye majina, basi na yeye siku moja atatolewa.

Sasa nusu ya darasa iko wima. Nimewapa zoezi, hakuna anayeandika. Mimi ndiye naandika, hapa mezani. Nasikia viatu vya Mama Généreuse kwenye koridoo. Dorine anangoja nimuite Akonkwa, ananiangalia midomo —