Matoka Kwenye Mkebe wa Rangi

Kamande,

Mimi ndiye nilisongesha mpaka. Si wewe. Naandika hivyo kwanza kabla sijakusalimia, juu nikianza na salamu najijua, nitazunguka.

Ni mimi Gitau, jirani yako, ule ulikuwa unamwita "fundi wa bomba asiye na bomba." Bado niko kwa ile duka ya vifaa vya maji pale Ngara. Bado nashuka Dagoretti Corner jioni na kutembea mpaka nyumbani. Lakini siku hizi nikifika kwa geti yako sivuki barabara tena. Napita hapo hapo, na Mama Mwangi wako akiwa nje ananiambia, "Umefika, Gitau?" Namjibu, "Nimefika." Ni kitu ndogo, lakini kuna siku hiyo salamu inanifanya nisimame kidogo nikifungua mlango.

Wacha nikuambie vile ilienda, maanake uliondoka kabla.

Unakumbuka yale maua meupe, matoka, yenye babu zetu walipanda katikati ya mashamba yawe mpaka. Ule mwaka nikijenga vyumba vya kupangisha, choo ikakosa mahali pa kukaa. Wewe ulikuwa umeenda kwa wakwe, kwa matanga. Nikachimba matoka nikayapanda upande wako, hatua mbili hivi. Nikajiambia ni maua tu. Mtu wa kwetu anajua si maua. Mtu anaweza kukopa na asilipe, na watu wasalimiane. Lakini mpaka ni ya waliokufa, haiguswi.

Uliporudi hukupiga kelele. Ulikuja ukaangalia udongo, ukaniangalia mimi. Halafu mchana kweupe, kila mtu akiona, ukayang'oa ukayarudisha mahali yalikuwa. Na hapo ndipo nilipata nafasi yangu ya uongo. Mama wa kuuza mboga alikuona. Wapangaji walikuona. Ndugu yangu Ndung'u alikuona, akakuja kuniuliza, "Si huyu Kamande anatuibia shamba?" Ningesema neno moja tu. Nikanyamaza. Ndung'u akachukua koleo, na wewe ukaweka mkono mbele ya uso.

Vidole vya fundi wa mbao, vikavunjika. Mkono wa kulia.

Baada ya hapo, unajua. Ndung'u akayang'oa matoka akayatupa, tukasimamisha ukuta wa mabati pale nilitaka, na nyumba zetu zikakufa moja kwa ingine. Hamkukuja kuzika mzee wangu. Sisi hatukukuja kukuzika wewe. Siku hiyo nilisimama nyuma ya hayo mabati nikasikiza mkiimba. Nilisikia mchanga ukianguka. Nisamehe kwa hiyo pia, iko kando na zile zingine.

Sikujua kwamba kabla ulazwe hospitali ile mara ya mwisho ulikuwa umeshapeleka pombe kwa wazee. Mzee Karanja, ule mwenyekiti wa kiama, baraza letu la wazee, ndiye alituambia. Kwetu mwenye kosa ndiye hupeleka muratina kwa wazee ndiyo wakubali kukaa. Wewe mwenye kukosewa ulibeba kibuyu mwenyewe, na ule mkono. Mzee akasema ulimwambia, "Watoto wasirithi hii maneno." Hukutaja jina langu. Mzee akadhani umekuja kama mkosaji.

Kwa hivyo wazee walipokaa, wewe ukiwa umeshazikwa, walikaa na hiyo akilini. Wakauliza mashahidi. Wote waliona wewe ukishika matoka. Wakaamua hivi: kosa la mpaka ni la nyumba ya Kamande, vidole vyako vihesabiwe kama malipo ya hilo kosa, na nyumba yako itoe kondoo wa kusafisha. Mama Mwangi alisikiza akiwa amefunga leso kwa kichwa. Akasema tu, "Kamande alitaka amani. Tutatoa." Na mimi, Kamande, nilikubali na kichwa. Nilikaa hapo kwa kiti nikakubali.

Siku ya kupatana ikafika. Tulikutana hapo hapo kwa mpaka, kando ya mabati. Wazee na fimbo zao na matawi ya majani. Kondoo dume wa rangi moja, hana alama. Kukatokea ubishi kwanza, ungecheka. Mama Mwangi ameokoka, hawezi kunywa muratina. Mchungaji wake akapendekeza soda. Mzee Karanja akasimama na fimbo: "Soda? Soda imewahi kupatanisha nani? Hata harusi ya soda watu wanarudi nyumbani wakigombana!" Watu wakacheka, hata sisi wa pande mbili, kwa mara ya kwanza pamoja. Wakakubaliana: uji. Unga wa wimbi utoke nyumba zote mbili, upikwe kwa sufuria moja, unywewe kwa kibuyu kimoja. Wazee watakunywa muratina yao kwa pembe.

Kondoo akachinjwa. Wakachukua yale majani ya tumboni mwake, wakachanganya na maji kwa kibuyu kilichokatwa. Hapo ndipo mtu hutapika kosa. Mzee anachovya tawi, anakugusa mdomo, anasema, "Tapika." Wewe unataja kosa kwa jina lake, unatema chini. Mzee akatuonya: "Ukificha kitu hapa, kondoo huyu amekufa bure. Na ukitapika kitu hukula, inarudi inakushika." Kwa sababu wewe haupo, Mwangi wako akaitwa akutapikie.

Mwangi ni mwanaume mkubwa sasa, amekuwa na mabega yako. Akasimama. Tawi likagusa mdomo wake. "Tapika."

Akasema, "Natapika... baba yangu kusongesha..." Akaangalia chini. Nikaona anajua. Alikuwa anajua si kweli, na alikuwa anaenda kuisema kwa sababu wewe ulitaka amani. Jina lako lilikuwa liende chini na mate, na hiyo kitu ingewashika watoto wako, na mimi ningekunywa uji.

Nikasikia mtu ameita, "Ngoja!" Ni mimi.

Nikasema, "Huyo kijana asiteme. Ni mimi nilisongesha. Kamande alikuwa anarudisha."

Kamande, nikasikia redio ya mpangaji wangu huko ndani. Mama Mwangi hakulia. Aliketi tu chini kwa nyasi, polepole, kama mtu ametua mzigo. Ndung'u ndiye alinitisha. Akaniangalia akasema, "Nilimvunja mtu wa bure?" Halafu tena, chini chini, "Gitau, ulinifanya nivunje mtu wa bure."

Mzee Karanja akamwaga kile kibuyu. Akasema huyo kondoo haliwi na hakuna amani leo, waliochinja wazike kila kitu, ngozi na nyama. Kesi imeanza upya. Na safari hii nipeleke pombe mimi, kama inavyotakiwa.

Nikapeleka. Wazee wakanikemea vizuri, siwezi kukuambia yote. Mmoja aliniuliza, "Choo yako inanuka vizuri sasa?" Lakini hawakunifukuza. Hiyo ndiyo nashukuru. Walikaa na mimi kama mtu.

Wakaamua: kondoo jike ambaye hajazaa kwa ajili ya mpaka, kondoo dume wa kusafisha, na mbuzi kwa ajili ya vidole vyako. Hao mbuzi tuwatoe mimi na Ndung'u, lakini wengi wawe wangu. Niliuliza kama naweza kulipa pesa. Mzee Karanja akasema, "Pesa haitembei. Mbuzi atembee aingie kwa ile boma, watoto wa Kamande wamwone akiingia." Basi nikawaswaga mwenyewe kutoka sokoni. Pale Dagoretti Corner makanga wa matatu walinimaliza: "Mzee, hao wote ni wa Town? Wabebwe ama wasimame?" Nilikuwa nimevaa koti ya kanisa. Ungefurahi sana.

Wakaingia kwa geti yako kwa miguu yao. Mwangi akawapokea mmoja mmoja.

Halafu tukarudi kwa mpaka. Safari hii tawi liligusa mdomo wangu. "Tapika." Nikatapika mpaka. Nikatapika kunyamaza. Nikatapika kukuacha uzikwe na mimi niko nyuma ya mabati. Kila moja nikatema, na kila nikidhani nimemaliza mzee anasema, "Tapika," mpaka nikasema, "Zimeisha," na yeye akasubiri, akaniangalia, akaondoa tawi. Ndung'u akatapika mkono wako. Alilia kama mtoto. Mwangi naye akatapika chuki yake, akasema alikuwa anatuombea tufilisike. Watu wakacheka kidogo, na yeye pia.

Tukala kiapo. Kipande kimoja cha nyama ya kondoo, mimi na Mwangi tunakiuma huku na huku. Maneno ni haya: nikigusa tena mpaka huu, nikiinua mkono kwa nyumba ile, nyama hii inigeuke tumboni. Ndung'u akaleta koleo lile. Alikuwa amelificha kwa dari miaka yote, hakuwahi kulitumia tena. Mzee akavunja mpini kwa goti lake, likazikwa hapo. Wakakata ngozi ya kondoo, mimi na Mwangi tukavalishwa mkanda wa ngozi moja kwa mkono. Wazee wakageukia upande wa Mlima Kenya, ingawa kutoka hapa ni magorofa tu unaona, wakapiga funda la muratina wakatupulizia kifuani. Baridi kabisa. "Thaai," yaani amani. Na sisi sote: "Thaai."

Halafu uji. Kibuyu kilipaswa kuanza na nyumba yenye ilikosewa. Mama Mwangi akakishika, sikujua kama atakunywa. Akanywa. Akanipa mimi, kwa mikono miwili. Akasema, "Kunywa, baba. Imepoa." Sijawahi kunywa kitu kama hicho, Kamande. Kulikuwa na mabonge.

Baadaye akanipeleka nyuma ya karakana yako. Kuna mkebe mkubwa wa rangi hapo, ule ulikuwa unachanganyia vanishi. Ndani kuna matoka. Alisema siku Ndung'u aliyatupa uliyaokota, na mkono ukiwa umefungwa, ukayapanda hapo. Ulikuwa unayamwagilia kila asubuhi ukimwambia, "Yatarudi tu." Sasa nimeelewa kwa nini hukuwahi kunishtaki. Ulikuwa unangoja nije mwenyewe. Asante kwa kuningoja. Umekufa ukiningoja, na bado uliniachia njia.

Wazee wamesema amani imefungwa, lakini matoka hayawezi kupandwa penye choo. Kwa hivyo sikiza. Wapangaji wameshaelewana na mimi, watatumia choo ya Ndung'u. Jumamosi hii, kabla jua halijafika juu, mabati yatakuwa chini na hiyo choo itakuwa imevunjwa na mikono yangu, si ya kibarua. Mwangi ataleta mkebe. Mzee Karanja atakuja kuonyesha mahali, lakini mimi nakumbuka mahali. Nitayapanda pale pale wewe uliyarudisha siku ile watu wote wakikuangalia.

Pumzika, ndugu yangu. Jumamosi jioni nitapita kwa kaburi yako nikiwa na udongo kwa makucha, na sitanawa kabla.

Gitau