Ninachofanya Kibanjani

Jumanne, 29 Oktoba 1957

Kuna jambo nimelificha tangu mke wangu Kokushubila afe: asubuhi siendi kibanjani kukagua migomba. Migomba hainihitaji. Nitaandika ninachofanya huko kabla kifua hiki hakijanimaliza. Si leo. Leo nina kazi ya kuzuia ndoa ya mjukuu wangu.

Alistidia anataka kuolewa na Buberwa, Mkatoliki wa Rubafu. Bila neno langu hakuna posa. Nami, mwalimu mstaafu, ngome ya Ulutheri Muleba nzima, nimesema hapana. Wale huwaomba wafu!

Alhamisi, 31 Oktoba

Sikukuu yetu ya Matengenezo. Na nani kaja? Mushumbusi, baba yake Buberwa, katekista! Katafuna buni zangu za kukaribishia wageni, kakaa kama askofu.

"Waitu mwalimu," akaanza kwa heshima, "kosa letu nini?"

Nikamwambia mpatanishi ni mmoja, Kristo. Timotheo wa Kwanza, sura ya pili.

Akasema hilo wanalijua. Ibada ni ya Mungu peke yake. Watakatifu hupewa heshima, huombwa watuombee, basi. "Wewe ukiugua, humwombi jirani akuombee?"

— Jirani yu hai. Ananisikia.

"Na walio kwa Kristo wamekufa?"

Nikakohoa. Kikohozi kina faida zake. Kisha nikatoa jibu la shule: sisi pia huwakumbuka watakatifu, tuige imani yao. Pengine hata wanaliombea Kanisa. Ila hakuna andiko linalotuamuru kuwaomba, wala linaloahidi kwamba wanatusikia.

"Kanisa limeomba hivyo tangu kale. Ni mapokeo."

— Mapokeo hupimwa kwa Maandiko.

"Na vitabu gani ni Maandiko, nani alisema? Orodha iko sura ya ngapi?"

Kanisa lilivitambua, nikasema, halikuvipa mamlaka! Jibu zuri sana. Alistidia alikuwa akimimina chai. Hakuniangalia.

Ijumaa, 1 Novemba

Watakatifu Wote, huko kwao. Hapa kwangu ni Ijumaa. Mushumbusi kalala kwa ndugu yake. Kesho anapanda basi la Bukoba, anataka jibu la mwisho. Alistidia kaniletea uji wa baridi, bila sukari, bila neno. Ushindi mkubwa wa imani.

Jumamosi, 2 Novemba

Leo wao wanawaombea marehemu wao. Miguu yangu imegoma, Alistidia akanishika mkono mpaka kibanjani. Kwenye mgomba wa kwanza akasimama.

"Nakungoja hapa, babu. Nisije nikamkatiza bibi."

— Umkatize nini?

"Babu, sauti yako hufika mpaka jikoni."

Miaka yote hii! Na juzi alimimina chai, akaninyamazia.

Sasa Mushumbusi yuko sebuleni, kofia mkononi. Alistidia kasimama mlangoni pangu. Basi linapiga honi barabarani.

Haya, waoane. Hakuna amri. Hakuna ahadi kwamba anasikia. Nimefundisha hivyo maisha yangu yote, na kila asubuhi nasimama kaburini kwake, kati ya migomba, na kusema: Kokushubila, niombee.