Mama, Kitambaa Chako Kimerudi Nyumbani

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ulipotuacha umeegemea ukuta, kama mtu anayesubiri chai.

Mgonjwa gani hukumfulia? Msiba gani hukutangulia, sufuria kubwa kichwani, ukaondoka wa mwisho? Msichana akitaka kukupokea mzigo, ulimwambia, "Kaa, mwanangu. Nitafanya mimi." Tukakuita Mama Kaa, nawe ukacheka.

Juzi umoja wa wanawake mliouanzisha uliadhimisha siku yake. Katika waasisi amebaki shoga yako mkunga, naye macho yamempungua. Hotuba alipewa mkweo, mjane wa mwanao. Alipiga magoti akaomba kwanza, maana shule yake ni ya msingi tu na ukumbi ulifurika.

Alifuata njia yako. Akasalimu wageni, mchungaji, kisha wanachama. Akawataja waasisi mmoja mmoja, na kwa waliotangulia tukasimama kimya. Mkunga alipoinuliwa vigelegele vikapasuka. "Basi, jamani," akasema, "vingine niwekeeni siku ya kunizika!"

Ndipo mkweo akawageukia vijana. Kiti cha mwenyekiti, cha katibu na cha mhazini vyote vi wazi, na hakuna aliyeleta jina. Bila viongozi umoja hauitishi kikao, hautumi mtu kwa mgonjwa wala kwenye msiba. Akakinyoosha kitambaa chako cheupe, kile anachofungwa begani anayekubali kugombea. "Waliotulea wamechoka, wanangu. Nani atapokea?"

Hakuinuka mtu. Mkono ukamchoka, asiushushe.

Mwisho msusi mmoja, binti mwenye adabu zake, akasema palepale alipoketi: "Mama, usituone tuna kiburi. Tulipotaka kushika hata mwiko, mlituambia tukae. Kikao hatujawahi kukiendesha. Mfiwa hatujui afarijiwe vipi. Leo tusimame na nini?"

"Mtoto hajakosea," mkunga akasema taratibu. "Tuliwapenda hadi tukawalemaza."

Mkweo akakikunja kitambaa ili akirudishe nyumbani. Sala ikafungwa, siku ya kukutana tena haikutajwa.

Jana jirani alifiwa. Hakuja mtu kwa jina la umoja. Mkweo akajitwika sufuria yako, na mjukuu wako akamkimbilia mlangoni: "Mama, lete nibebe."

"Kaa, mwanangu. Nitafanya mimi."

Neno lilimtoka kabla hajalifikiri. Akageuka ili amwite, akamkuta ameshakaa.

Mungu akupumzishe, Mama, wewe uliyetupumzisha kupita kiasi.

Unakumbukwa na mkweo, binti yako fundi cherehani, mdogo wako wa kiume, wajukuu na shoga yako mkunga. Maadamu sufuria hiyo ingali nzito, hutatutoka moyoni.