Gauni la Idi Lenye Mbavu Nyeupe

Busia, mpakani

Kwa mke wangu Zena,

Salamu nyingi kutoka kwangu, mimi mumeo. Swaumu inaniendea vyema, ila mgongo unalalamika kwa kuinamia cherehani. Wewe je, miguu bado inavimba? Unalala? Niambie ukweli, usinifiche kwa kunionea huruma.

Kama nilivyoandika juu ya bahasha, barua hii usiifungue ikifika. Iweke, uifungue siku ya Idi watu wakitoka msikitini. Siku gani hasa sijui, maana hapa mwezi huonekana ng'ambo ya Uganda na huku tukabishana hadi asubuhi. Basi yoyote itakayokuwa, Idi mubaraka, mke wangu. Nisamehe niliyokukosea mwaka mzima, nami nimekusamehe, hata ile chai ya chumvi.

Mwaka jana ulikuja kwa treni tukala Idi pamoja. Mwaka huu mkunga amekukataza siku mbili za kutikiswa njiani, na amefanya vyema. Mimi nami nimefungwa: kanzu za watu zimejaa hadi juu ya kabati, na kila mwenye kanzu anaapa yake ndiyo ya kwanza. Fundi akiondoka kabla ya Idi, asirudi tena mji huo.

Sasa nikueleze kisa cha ule uzi wako. Nilikuomba ujipime kwa uzi, fundo la kwanza kifua, la pili tumbo, unitumie nikushonee gauni. Uzi ulipofika, duka limejaa wateja, nikautandika juu ya kitambaa cha kijani nilichokununulia na kukata papo hapo. Nilikata kwanza, nikafikiri baadaye. Jioni baada ya kufuturu ndipo nikaulaza uzi kwenye futi. Zena, mkasi uliniponyoka! Fundo la pili lilikuwa kiuno chako cha siku ya harusi, limezidi vidole viwili tu. Na wewe una miezi minane.

Nilikumbuka ile mimba yetu ya kwanza, jinsi tumbo lilivyoanza kunywea na sisi tukijipa moyo. Niliogopa, sikufichi. Siku mbili nilishona mikono ya kanzu kinyume, mteja mmoja akanitukana. Nilijiambia, wamejua jambo huko nyumbani, wananificha hadi Idi ipite.

Aliyeniokoa ni jirani yangu Mama Apio, anayeuza samaki wa Port Victoria mbele ya duka. Alinikuta nimeushika ule uzi nimeduwaa.

"Fundi, umefiwa?"

Nikamweleza. Akacheka hadi akaweka karai chini. "Wewe mtu ya ajabu! Unauliza uzi, uzi iko na mdomo? Enda posta, uliza watu."

Nikaenda. Nikampelekea shemeji Juma telegramu, huko kazini kwake stesheni ya Voi: ZENA HALI GANI JIBU UPESI. Usiku ule ulikuwa mrefu kuliko mfungo wenyewe. Jibu lilipokuja, karani wa posta alinisomea kwa sauti, watu wote wa foleni wakasikia: ZENA MZIMA. MAMA KAKATAZA KUPIMA TUMBO. KAPIMA CHINI YA KIFUA.

Mama yangu huyo! Nimelelewa naye, nimemsikia mara ngapi akisema mimba haipimwi wala haihesabiwi, na bado nikasahau. Nilicheka na machozi yakanitoka hapo hapo posta. Mwambie sina kinyongo, ila angalau angetia neno moja kwenye barua.

Lakini gauni lilikuwa limeshakatwa, dogo, na kile kitambaa kimekwisha madukani. Nimezunguka hadi Malaba, hakuna. Kitambaa pekee nilichobaki nacho ni kile cheupe cha kanzu yangu mpya. Nimekipasua, nikakitia mbavu zote mbili kuanzia kwapani hadi chini. Mbavu nimeziacha pana, ukijifungua utazipunguza. Usione haya wakikuuliza ni mtindo gani. Waambie ndio wa mpakani.

Kesho nampelekea mteja wangu Bi Mwanaisha kifurushi stesheni ya Malaba, anakwenda Mombasa na treni itapita hapo Voi. Juma nimeshamwambia kwa telegramu nyingine asimame mkabala na mabehewa ya daraja la tatu. Bi Mwanaisha atapunga leso nyekundu na kumpa dirishani, asimcheleweshe kwa maneno.

Nisalimie mama, na shemeji Juma kwa maneno yake machache yaliyonirudishia usingizi, na yule dada wa jirani anayekutekea maji. Mimi bado nina wasiwasi, sitakudanganya. Juma anitumie neno siku ile ile ukishikwa na uchungu.

Siku ya Idi nitasali na kanzu yangu kuukuu, ile uliyonitilia kiraka begani. Mpya umeivaa wewe, na mtoto yumo ndani yake.

Mumeo,
Athumani