Watu Kumi na Wanne, Waigizaji Watatu

4 Machi

Mjukuu wangu,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye, maana sikufunzwa kuingia kwa mtu bila hodi. Mimi mzima, goti tu ndilo lenye maneno yake. Wewe je? Unakula, au bado unaishi kwa chai?

Fundi cherehani, jirani yangu, alipokuja huko kununua vitambaa aliingia kuuona mchezo ulioutoa kwenye kitabu cha marehemu mama yako. Amerudi mdomo haufungi. Anasema waigizaji ni watatu na watu wa kwenye kitabu ni kumi na wanne, na wote wametosha. Yule mrefu akivaa kofia ni kondakta, akiivua ni mwenye nyumba, akiishika kifuani ni karani anayeomba radhi. Benchi ni moja tu: likilazwa kitanda, likisimamishwa mlango.

Nikamuuliza, na mimi nimetokea wapi? Akainama kutafuta sindano ambayo haikuanguka.

Mimi darasa langu ni la nne, lakini kitabu cha mwanangu nimekimaliza kwa kidole, mstari kwa mstari. Mama muuza mkaa yumo tangu sura ya kwanza. Nieleze amekwenda wapi.

Bibi yako

12 Machi

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, na ninakula. Pole na goti.

Usinikasirikie kabla hujanisikia. Kitabu kina kurasa mia tatu, mchezo ni saa moja na nusu. Safari ya basi ya sura nzima imekuwa mizunguko miwili kuzunguka benchi. Yale mama anayosimulia mwenyewe nimewagawia waigizaji, mmoja anaanza sentensi, mwenzake anaimaliza huku anavaa koti la mtu mwingine. Kisha kuna sheria moja haina huruma: mwigizaji anayecheza watu wawili hawezi kukutana na nafsi yake. Kabla ya mazoezi nilikaa kupanga nani yuko jukwaani na nani, nisije nikamwambia mrefu ajifungulie mlango mwenyewe.

Pale kwenye lango la shule, mwigizaji wangu binti ni mama akiwa msichana, mrefu ni mlinzi, mnene ni mwalimu mkuu. Watatu wamekwisha. Hapakubaki mwili wa kukupa wewe, Bibi. Ni hesabu tu.

Mjukuu wako

19 Machi

Mke mwenzangu,

Sijambo, na salamu zimekwisha.

Hesabu unamfanyia nani? Mlinzi wa lango ana neno moja kitabuni, anasema "simama," naye amepata mwili. Karani amepata kofia. Mimi niliyebeba sanduku la mama yako kichwani mpaka kwenye lango lile, mikono myeusi ya mkaa kwa sababu nilitoka kuuza ndipo nikapata karo, mimi ndiye nimezidi? Kama mwili umekosekana ungeniita. Ninajua maneno yangu, na sitaki koti la mtu.

Sasa nikwambie. Siku ile mwalimu mkuu alimuuliza mama yako, yule mwanamke pale nje ni nani? Mama yako akajibu, "Simjui. Muuza mkaa." Nikasikia. Nikaliweka sanduku chini nikarudi zangu. Hatukulizungumza mpaka anakufa. Ila alikaa akaandika kitabu kizima, na ukikisoma vizuri hakina jambo jingine ndani yake isipokuwa lile.

Mama yako alinikana mara moja akaomba msamaha kwa kurasa mia tatu. Wewe unanikana kila mchezo unapochezwa, na watu wanakupigia makofi.

Usinijibu kwa hesabu.

Bibi

23 Aprili

Bibi yangu,

Shikamoo. Mwezi umepita kwa sababu kila nikishika kalamu najikuta nakuandikia uongo mpya.

Ulikuwemo. Mlinzi hakuwepo bado, mrefu alikuwa mwalimu mkuu, na mnene ndiye aliyekucheza, mtandio kichwani, sauti yako ile ya kugombana na mizani. Tulikuwa kwenye lile ghala tunalofanyia mazoezi, na wageni wa kikundi, watu wa suti, walikuja kutazama. Alipoingia na sanduku walicheka. Hawakumcheka mnene, Bibi. Walikucheka wewe. Nami nikacheka pamoja nao, ili wasione kwamba nakufahamu. Mmoja akauliza mtu huyu mwandishi alimtoa wapi, nikasema ni wa kubuni tu. Kesho yake nikakukata, nikawaambia wenzangu waigizaji hawatoshi.

Sasa nimekurudisha. Binti anasimama upande huu wa benchi, ni msichana. Mwalimu mkuu anauliza. Anajibu, "Simjui. Muuza mkaa." Halafu hatoki. Anautoa mtandio kiunoni, anaufunga kichwani mbele ya macho ya watu, anavuka upande wa pili wa benchi, na sasa yeye ndiye aliyesimama nje akilisikia neno alilolitamka mwenyewe. Nimeivunja ile sheria yangu. Mazoezi ya kwanza alivuka haraka, ikawa kichekesho. Tukamwambia avue viatu kwanza, taratibu, kimoja, halafu kingine. Safari hii hakucheka mtu.

Jumamosi tarehe nne njoo uone. Nimekuwekea kiti safu ya mbele, na nauli iko kwa fundi cherehani.

Mjukuu wako mwenye makosa

6 Mei

Bibi,

Shikamoo. Kiti chako kilikaa kitupu mpaka mwisho. Fundi anasema basi ulipanda. Uko salama? Kama umekasirika nitukane tu, lakini niandikie.

Mjukuu wako

15 Mei

Mjukuu wangu,

Niko salama. Nilikuja, nikakaa nyuma kabisa karibu na mlango.

Nilifika mapema. Pale nje palijaa watu wananukia vizuri, nawe uko katikati yao, umevaa vizuri, unaongea kwa mikono kama mama yako. Nikajitazama viatu. Ni vile vya sokoni, sina vingine, lakini sijawahi kuviona vibaya namna ile. Yule kijana wa tiketi, mpole, akaniuliza, "Bibi, wewe ni ndugu wa mtunzi? Nikupeleke mbele?"

Nikasema, "Simjui. Nimekuja kuangalia tu."

Limenitoka hivyo hivyo. Halikuniuma hata koo. Nikakaa gizani, na binti yule akalisema neno langu nililolisema mlangoni dakika chache nyuma, kisha akavua viatu. Sikuweza kumtazama alipovuka.

Miaka yote nilidhani mama yako alilichagua lile neno, alilipima, akaona linafaa. Kila alipokuja nyumbani nilimpikia, nikamwekea maji ya kuoga, na kinyongo nikamwekea pembeni palepale. Hakuwahi kuniambia kwamba linatoka jepesi hivi, na mimi sikuwahi kumuuliza. Angeniambia ningemgombeza, najijua. Sasa amelala na lile neno na mimi ndiye niliyemwachia.

Mchezo ni mzuri. Binti anainamisha kichwa akiwa mimi. Mwambie asiinamishe, siku ile nilitazama mbele. Na ukurasa wa mwisho umeufupisha mno, rudisha pale msichana anapoandika barua asiyoituma.

Nimesikia mtaucheza tena Jumamosi ijayo. Nitakuja na viatu vyangu hivi hivi. Usimame nje pamoja na watu wako wa suti. Yule kijana wa tiketi akituuliza tena, tutaona kati yangu na wewe nani atawahi kujibu.

Bibi yako