Kalondu Wawili, Kadi Moja

Zahanati, juu ya Mitaboni,
Machakos.
Jumapili mchana

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Mimi mwanao Mutuku niko mzima, nakula, nalala, na shati ulilonishonea limeanza kunibana kifuani. Goti lako je, bado linakusumbua na hiyo mvua ya Shimba Hills? Baba ameacha kukohoa? Na yule jogoo wangu mwekundu, yuko hai au Mumbua ameshamtia sufuriani? Mumbua, najua ni wewe unamsomea Mama hii barua. Soma kila neno. Ukiruka mahali ninapojisifu nitajua tu, maana barua itakuwa fupi sana.

Mama, unakumbuka Mumbua alivyonicheka nilipotoka shule Form Two, ati mwandiko wangu ni kama kuku amekanyaga wino? Basi mwambie akae chini asikie huyo kuku amefanya nini.

Hapa zahanati tuko wawili tu. Kuna Sista Mueni, ndiye muuguzi na ndiye mkubwa wetu, halafu mimi. Nafagia, nachota maji, napima watoto kilo na joto, na Sista akiwa na kazi nyingi, naandika anachoniambia, yeye anasoma na kutia sahihi. Bila mimi hii zahanati ingefungwa. Sista anasema si kweli, lakini hajawahi kujaribu.

Jumanne jioni giza lilikuwa limeshaingia. Chumba cha ndani kulikuwa na mama anajifungua, na Sista alikuwa naye. Mimi nimewasha taa ya mafuta, nasugua kioo chake, nikasikia mlango unapigwa. Ni bibi mmoja wa ng'ambo ya mto, huku tunamwita Susu Kalondu. Amembeba mjukuu mgongoni, amemfunika blanketi mbili na sweta ya mtu mzima.

"Mwanangu, huyu mtoto anaungua," akasema. "Njiani amekakamaa, macho yakageuka. Sasa hata nikimwita haitiki."

Nikamwita Sista. Akaja mbio, akamshika mtoto, akamfungua macho, akamkunja shingo taratibu. Mtoto alikuwa analegea tu. Maziwa ya kijiko ambayo Susu alimpa nyumbani aliyatapika yote.

"Huyu lazima aende hospitali kubwa mjini, usiku huu huu," Sista akasema. "Mutuku, mtafute yule jirani mwenye pikapu ya mboga. Kisha uandike barua, na uandike vizuri. Kule mjini hakuna atakayenisikia mimi. Watakachosikia ni hiyo karatasi."

Jirani alikuwa anakula. Nikamwambia sufuria itamngoja, akainuka. Nikarudi, nikaweka taa karibu na karatasi, nikaanza. Kwa Kiingereza, Mumbua, usicheke. Nikaandika, "Malaria imepanda kichwani."

Sista akachungulia. "Nani amekuambia imepanda kichwani? Uliiona ikipanda?"

"Si kila mtu anajua, Sista?"

"Futa. Andika kile tulichoona. Daktari ataamua mwenyewe."

Basi nikachukua karatasi nyingine. Sista akaingia kumwangalia yule mama, akapaza sauti kutoka huko, "Kilo ngapi? Nataka kuvuta kwinini kwenye sindano!"

Hapo ndipo sasa. Susu alikuwa amenipa kadi ya kliniki, imefungwa kwa nailoni safi kabisa. Jina: Kalondu. Mstari wa mwisho: kilo kumi na tatu na nusu, mwezi uliopita. Nikaiandika, na mdomo ulikuwa umeshafunguka nimjibu Sista. Lakini kwanza nikamwinua mtoto nimtoe kwenye benchi nimlaze mezani, nikamtoa zile blanketi na sweta.

Mama, mimi nimebeba magunia ya nazi huko nyumbani tangu niko mdogo. Mikono yangu inajua kilo. Mtoto alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu.

"Susu," nikamuuliza, "hii kadi ni ya huyu?"

"Si imeandikwa Kalondu?"

"Kalondu gani?"

Akashika mdomo. "Uui! Nina Kalondu wawili. Kijana wangu Kioko ana wake, na mdogo wake Mutisya ana wake. Wote wamewaita binti zao jina langu. Huyu ni wa Mutisya, mama yake yuko kiwandani Athi River. Kadi zote naziweka sanduku moja."

Si unajua desturi yetu, kila kijana akipata binti wa kwanza anamwita jina la mama yake. Susu alishika kadi ya kwanza aliyoigusa gizani. Ilikuwa ya binamu mkubwa, anayekaribia miaka mitatu.

Nikatundika mizani, nikamvalisha mtoto ile suruali ya kupimia, nikainua taa nione mshale. Kilo tisa.

"Sista! Kilo tisa, si kumi na tatu na nusu za kwenye kadi! Usivute kwanza!"

Akatoka, akaangalia mshale mwenyewe, akaniangalia mimi. Akavuta kwinini ya kilo tisa. Kwinini ikizidi, Mama, moyo wa mtoto mdogo unaweza kuvurugika. Akachoma paja moja, na paja la pili dawa ya bakteria, maana hatuna hadubini ya kupimia damu tujue ni malaria tupu au kuna kingine. Halafu akampitishia mrija mwembamba puani, akampa maji ya sukari, ili sukari ya mwili isiishe njiani. Sukari ilikuwa yangu ya chai. Mnijazie baraka.

Nikaandika upya, karatasi ya tatu. Nawatafsiria:

KADI ALIYO NAYO SI YAKE. NI YA BINAMU MWENYE JINA MOJA.
Kalondu, binti wa Mutisya. Mwaka mmoja na nusu. Kilo 9, amepimwa hapa leo bila nguo.
Homa siku mbili. Joto 39.8. Degedege mara moja, njiani. Anatapika kila kitu. Amelegea, haitiki. Shingo si ngumu.
Nyumbani amepewa dawa ya maji ya homa tu, asubuhi.
Kwinini miligramu 90, sindano ya paja la kulia, saa mbili kasoro robo usiku.

Chini nikaandika dawa ya pili na kipimo chake na saa yake, maji ya sukari, na sababu ya kumtuma. Herufi kubwa, wino mweusi, nafasi katikati. Sista akasoma, akatia sahihi. Nikamwambia Susu, "Hii usiweke chini. Mpe muuguzi mkononi." Akaitia kifuani, pikapu ikaondoka.

Usiku ule sikulala vizuri, hata mimi. Huo ndio ukweli.

Ijumaa Susu alirudi. Kule mjini, akasema, muuguzi alichukua kadi kwanza, ndivyo kazi ilivyo. Kisha akafungua karatasi, akasoma mstari wa juu, akaweka kadi kando. Akahesabu saa nane tangu sindano yetu, na dozi ya pili ikatolewa alfajiri kwa kilo tisa. Damu ilipimwa, ikawa malaria. Siku ya pili mtoto akaomba uji.

Karatasi ilikuwa na kipande cha chini cha kujibiwa. Daktari alikijaza: mtoto anaendelea vizuri, halafu, "Barua inasomeka vizuri." Inasomeka, Mumbua! Rudia hapo, Baba asikie. Sista amekibandika ukutani juu ya meza, na hajanisifu, lakini chai ya Ijumaa aliipika yeye.

Na jana Susu alikuja na Kalondu wote wawili na kadi zote mbili. "Mwanangu, niandikie majina ya baba zao hapa nje ya kadi, kwa ule mwandiko wako." Nikaandika KIOKO, nikaandika MUTISYA, makubwa kama vibao vya duka. Yule mdogo alinyakua kalamu yangu, akachora kadi yake, na akakataa kabisa kuirudisha. Nimemwachia. Hii barua naandika kwa kalamu ya Sista, na hajui.

Nisalimie Baba, nisalimie shangazi wa kanisani, na mjomba mwenye duka mwambie aache kuuliza kama nimefukuzwa. Jogoo asiguswe.

Ni mimi mwanao, mwenye mwandiko unaosomeka,

Mutuku