Siku Nilizomficha Mwalimu

Arusha, 28 Mfunguo Tano 1328

Kwa dada yangu mpenzi Zamda, huko Pangani,

Shikamoo dada. Mama hajambo? Na ule mguu wake? Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Jana nimetoka eda.

Ulitaka kujua nilikaaje ugenini bila ndugu. Dada, sikuachwa. Habari ya kifo cha mume wangu Hatibu iliponifikia, mke wa mwalimu wetu wa dini alikuja akaniuliza kama nina mimba, maana mwenye mimba hukaa mpaka ajifungue. Nilipomwambia sina, akasema basi ni miezi minne na siku kumi. Akanivua hereni na bangili, akanivika kaniki isiyo na nakshi. Wanja, hina, udi na mafuta ya kunukia vyote nikaviweka kando. Kuoga ruhusa, kuzungumza na watu ruhusa, hata kutoka mchana kwa haja, ila kulala ni nyumbani kwa marehemu.

Shemeji Jabiri akawa ananiletea maji, kuni na vitu vya sokoni. Jirani yangu Anyesi, Mmeru wa Akheri, alinipikia ndizi na maziwa, akinitania kwamba sasa nimekuwa bibi arusi wa kufungiwa. Nilicheka, kisha nikalia. Na yule Mhindi ninayemshonea kanzu hakunifukuza kazi. Alituma cherehani ibebwe mpaka kwangu, na vitambaa vikawa vinakuja na kurudi.

Msimamizi mmoja wa wapagazi pale bomani alimtuma mtu kuniposa eda ikiendelea. Mwalimu alimkaripia vibaya, akamwambia mwenye eda haposwi. Mimi nilifurahi kuwa na ukuta wa kujificha nyuma yake.

Namkumbuka Hatibu, dada. Akirudi safari alikuwa anakohoa mlangoni kabla ya kupiga hodi, nikamjua. Ijumaa alinitaka nimfunge kilemba, na kila mara nikikimaliza alikifungua akafunga mwenyewe, akidai mimi namfunga kama mzigo wa pembe za ndovu.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Mpagazi aliyeleta habari tarehe 17 Mfunguo Mosi, siku kumi na sita baada ya Idi, aliniambia mimi peke yangu kwamba Hatibu alifia njiani kwenda Tabora tarehe 5 Rajabu, kisha akaendelea na safari yake. Eda huhesabiwa tangu siku ya kifo. Kwa hiyo zilikuwa zimenibakia kama siku ishirini na nane tu. Mwalimu aliponiuliza tarehe nikasema siijui, naye akaanza kuhesabu tangu habari iliponifikia.

Nilidanganya, dada. Sikuwa namkimbia yule mposaji. Siku ya Idi nilijipaka hina mikono yote miwili nikimngoja, nikaimba na wanawake wenzangu, naye alikuwa kaburini karibu miezi mitatu. Ile miezi niliyokuwa nacheka iliniuma kuliko kifo chenyewe. Nilitaka kumpa siku zake zote, kamili.

Niombee kwa Mungu, na mama usimwambie. Msalimu sana, na watoto wako wote uwabusu.

Mdogo wako akupendaye,
Nusura, mjane wa Hatibu